Futa hiyo "utapona kabisa" kabla hujaituma

"Mama yangu mkubwa wa Mbagala figo zimefeli, anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nataka niwe namtumia meseji kila asubuhi. Ya kwanza nimeandika: 'Amka mama, usiwaze, utapona kabisa kwa jina la Mungu!' Naombeni nyingine kama hizo za mwezi mzima. Jumamosi naenda kumwona, nimbebee nini (nimefikiria madafu)?"

Usiitume. Kama ulishaibonyeza, basi ya kesho isiwe hivyo. Hilo "utapona kabisa" nimelitumia mwenyewe kwa mgonjwa wa muda mrefu, nikifuata ushauri wa watu wazima, na najua linaishia wapi. Ndiyo maana sijakusalimia.

Figo zilizofika hatua ya kusafishiwa damu mara tatu kwa wiki, miezi nenda miezi rudi, kwa kawaida haziamki tena. Mashine inafanya kazi ya figo kwa saa nne hivi, inatoa maji na uchafu wa damu, halafu mwili unaanza kujaa upya siku ileile. Kupandikizwa figo kupo, Muhimbili walianza mwaka 2017, lakini kunahitaji mtu wa kutoa figo, vipimo vingi, na dawa za kumeza siku zote baada ya hapo. Hayo anayazungumza na daktari wake. Wewe kwenye meseji ya saa kumi na mbili asubuhi huna mamlaka ya kusema "kabisa".

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza wagonjwa wao. "Utapona" haikai ilivyo, inakua. Leo unasema utapona, mwezi ujao jirani anasema unapona, na siku mama ameamka mwepesi, miguu imepungua, pumzi imerudi, mtu anamwambia umepona. Yeye mwenyewe anaona ni kweli, kwa sababu siku inayofuata baada ya mashine mara nyingi mwili huwa afadhali. Kumbe afadhali ile imetoka kwenye mashine. Basi Jumatatu inafika, nauli imebana, mvua inanyesha, na ana neno moyoni kwamba ameshapona. Haendi. Hesabu mwenyewe: toka Ijumaa hadi Jumatano ni siku tano bila kusafishwa. Potasiamu inapanda kwenye damu, na inaweza kupanda bila kuuma popote, mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Maji nayo yanajaa. Utaona miguu imevimba, pumzi fupi, usiku analala amekaa kwa mito miwili mitatu kwa sababu akilala chali anabanwa. Ukiona hayo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, meseji iweke pembeni.

Na waliokufundisha kwamba mgonjwa hupewa matumaini tu, hawatakuwepo saa hiyo. Nina hasira nao na sitaficha. Wapo wanaozungusha meseji za kufariji mgonjwa zilizonakiliwa kwa mtu mwingine, hazijui kama mgonjwa ana malaria au figo. Wapo wanaosimama kitandani na kutangaza, wanashuka ngazi, wanapanda daladala, wameshamaliza. Anayebaki na lile tangazo ni mgonjwa. Vipimo vikirudi vibaya anajiuliza amekosea wapi, imani yake imepungua wapi. Umempa ugonjwa wa pili, wa kujiona mkosaji.

Kuomba sikukatazi. Tofautisha tu kuomba na kutangaza. "Mungu akupe wepesi wa leo" ni kuomba, na ikitokea siku ngumu, dua yako bado haijawa uongo. "Mungu ameshakuponya" ni taarifa ya kitabibu iliyovaa kanzu. Kama ni Mwislamu, "Allah akufanyie wepesi" inatosha na inaeleweka.

Kanuni yangu ni moja, iandike mahali: ahidi miguu yako, usiahidi mwili wake. Mwili wake hauuendeshi wewe. Miguu yako unaiendesha. Kwa hiyo kila ukiandika sentensi, angalia mtendaji ni nani. "Utapona", "utakuwa sawa", "utashinda" zote zinamtaka mgonjwa afanye kitu ambacho hana uwezo nacho. "Nitakuja", "nitakaa", "nitakusindikiza Ijumaa" zinakutaka wewe. Hizo za pili ndizo za kutuma, na ukituma, tekeleza.

Lugha yetu ilishalimaliza hili zamani, sisi ndio tumelisahau. Wazee walisema "ugua pole". Itazame vizuri: haimwambii apone, haimwambii afanye haraka, inamwombea kuugua kwake kuwe kwa upole. Kwa ugonjwa usio na tarehe ya kuisha sijaona neno linalofaa zaidi ya hilo. "Upone haraka" ni la mtu mwenye mafua. Na "pole" ile tupu, ukiitamka taratibu kisha ukanyamaza, inatosha kabisa. Watu wanaiharibu kwa kuifukuzia na hotuba.

Methali nazo kuwa makini nazo. "Mvumilivu hula mbivu" inamuahidi tunda ambalo huna. "Hakuna marefu yasiyo na ncha", kaa chini uifikirie ukiwa wewe ndiye umelala pale: ncha ya ugonjwa wake ni ipi? Anaisikia kama unampimia kaburi. "Mgeni njoo mwenyeji apone" tumezoea kuitupa mlangoni kwa furaha, lakini kwa mtu anayejua hatapona kwa kuja kwako, inachoma. Ninayoikubali ni hii, na uiseme juu yako mwenyewe: "Mama, siwezi kusema najua unavyojisikia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Inampa nafasi ya kukueleza hao kunguni.

Maana hasara nyingine ya "usiwaze" ni kwamba inamfunga mdomo. Hata salamu yetu inasaidia kumfunga. Ukisema "hujambo", jibu limeshapangwa, atasema "sijambo" huku mkono unamuuma. Uliza kitu chenye jibu zaidi ya moja: "Usiku ulipitaje?" au "Leo mwili unasemaje?" Halafu subiri. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujaongeza neno. Wengi huanza kusema la kweli pale kwenye saba au nane, na sisi huwa tumeshakatiza kwenye tatu.

Sasa meseji zako. Za mwezi mzima sikupi, kwa sababu wiki yake ina nyakati za aina tatu tu na maneno yafuate wakati. Siku ya mashine asubuhi, kabla hajatoka nyumbani: "Shikamoo mama. Leo ni siku ndefu. Mungu akupe wepesi wa leo. Usijisumbue kujibu." Hilo la mwisho usiliache, maana kila meseji ya faraja inamdai jibu, na akiwa nazo kumi na tano kwenye simu anageuka yeye ndiye mfariji wenu. Jioni ya siku hiyohiyo usimwulize chochote. Wengi wanatoka wamechoka vibaya, presha imeshuka, wengine misuli imewakaza. Andika: "Pole na safari ya leo mama. Pumzika. Kesho saa nne nakupigia." Siku ya katikati, akiwa na nguvu kidogo, mpe kitu kisichohusu ugonjwa kabisa: "Mama, mwembe wa uani umeanza kutoa maua. Nimekukumbuka." Hapo umemrudishia umama wake, kwa dakika moja si mgonjwa, na hujamdanganya chochote. Zisizidi maneno kumi na tano au ishirini hivi. Alama za mshangao na vikaragosi vya kucheka ondoa.

Kuna siku atakuambia, "Mwanangu, nimechoka, bora waniache." Utataka kuruka na "usiseme hivyo mama!" Meza hilo. Rudia neno lake: "Umechoka mama." Nyamaza. Kisha: "Kinachokuchosha zaidi ni kipi?" Mara nyingi kinachotoka ni kitu chenye jina. Sindano za kwenye ule mshipa wa mkononi. Safari ya Mbagala mpaka mjini na kurudi, foleni, kichwa kinazunguka. Aibu ya kuomba nauli kwa watoto kila wiki. Kimoja katika hivyo unaweza kukipunguza, na hapo kanuni ya miguu inafanya kazi: "Ijumaa nitakusindikiza mimi, nitakusubiri mpaka umalize." Asipotaja kitu, akawa anamaanisha kweli anataka kuacha mashine, usibishane naye na usimpe mahubiri. Mwambie, "Nimekusikia mama. Hili tulipeleke kwa daktari wako tukiwa wawili." Ni mazungumzo ya daktari, na ana haki ya kuyafanya akiwa na mtu wa kumshika mkono.

Jumamosi ukifika, vuta kiti ukae macho yenu yalingane, usimsimamie juu kama askari. Usimwambie "umenawiri, umenenepa!" Mgonjwa wa figo anapimwa uzito kabla na baada ya mashine, na kilo zilizoongezeka katikati mara nyingi ni maji. Ukisifia uso uliojaa, unasifia uvimbe, na yeye anajua. Madafu acha hukohuko sokoni, yana potasiamu nyingi, yatamdhuru. Jambo zuri la kusema ukikaa ni dogo: "Nimekuja kukaa na wewe. Tukitaka kuongea tutaongea, tusipotaka tutakaa." Halafu kaa kweli, simu iwe kwenye mkoba.

Akisinzia usimwamshe kumuaga. Akiwa macho, usiage kwa "tutaonana Mungu akipenda siku moja". Taja siku na saa: "Jumanne saa kumi nakuja, nitakaa mpaka magharibi." Ataanza kuangalia mlango saa tisa na nusu. Ukikwama kwenye foleni, piga kabla ya saa kumi.