Picha ya jedwali la dadu mbili: hesabu visanduku, usihesabu majibu

Kwa mnaoanza mambo ya uwezekano, hili swali mtakutana nalo sana. Unapewa picha ya jedwali la jumla za dadu mbili, mara nyingi imepigwa na simu kutoka kwenye daftari au kitabu, halafu unaulizwa uwezekano wa jumla fulani, na kipengele kinachofuata kinakuja na neno "na" au "au", hapo sasa ndo watu wanapotea. Nimekaa na wanafunzi wengi kwenye hili swali na ninachokiona ni kwamba fomula wengi wanaijua, shida inaanza mapema, kwenye kuisoma ile picha.

Angalia picha yako vizuri kwanza. Mstari wa juu kabisa una 1 mpaka 6, hiyo ni dadu ya kwanza. Pembeni kushoto nako kuna 1 mpaka 6 kwenda chini, dadu ya pili. Hizo sio jumla, ni vichwa tu. Jumla ziko ndani, mistari sita kwa safu sita, visanduku 36, na kama dadu ziko sawa kila kisanduku kina nafasi ile ile ya kutokea, yaani 1/36. Sasa kwenye picha vichwa na jumla vinafanana, mwandiko ule ule saizi ile ile, mtu akiulizwa jumla ya 6 inatokea mara ngapi anapitisha macho kwenye picha nzima anaokota sita zote anapata 7, kumbe mbili ni vichwa na jibu ni 5. Ndo maana mimi nasema kabla ya kitu chochote chora mstari mnene juu ya picha utenge vichwa na ndani, au kama picha iko kwenye skrini tu basi nakili jedwali kwenye karatasi, haichukui hata dakika mbili.

Utajuaje umehesabu sawa? Kuanzia jumla ya 2 mpaka 12 idadi ya visanduku inapanda 1, 2, 3, 4, 5, 6 halafu inashuka 5, 4, 3, 2, 1. Ukijumlisha zote lazima upate 36, ukipata zaidi ujue umebeba vichwa. Na hapo hapo utaona kwa nini huwezi kusema "jumla ziko 11, kwa hiyo kila moja ni 1/11". Saba ina visanduku sita, ule mshazari wote kutoka kona ya chini kushoto mpaka juu kulia, wakati 12 ina kimoja tu pale mwisho. Kuna wanaobisha kwamba 3 na 4 ni sawa na 4 na 3 kwa hiyo wahesabu kimoja, hapana, fikiria dadu moja nyekundu nyingine ya bluu, nyekundu kutoa 3 na bluu 4 ni tokeo tofauti na nyekundu 4 bluu 3, na jedwali linakuonyesha wazi ni visanduku viwili.

Picha ikiwa na ukungu usikisie. Kila hatua kwenda kulia au chini jumla inaongezeka moja, kwa hiyo namba isiyosomeka kati ya 7 na 9 ni 8, haiwezi kuwa kitu kingine. Na kama vichwa vimekatwa kabisa, tazama kona ya juu kushoto, ikiwa ni 2 na unaona mistari sita na safu sita basi jedwali ni zima, virudishie vichwa mwenyewe. Ikiwa kona inaanza na 3 ujue kuna kitu kimekatwa, hesabu, upande wenye tano badala ya sita ndo uliokatwa.

Haya tuje kwenye kipengele kinachosumbua. Tuseme tukio A ni jumla kuwa zaidi ya 8, tukio B ni angalau dadu moja kutoa 5. Tunatafuta uwezekano wa A na B, kisha A au B.

A ni rahisi, unasoma ndani: 9 ziko nne, 10 tatu, 11 mbili, 12 moja, jumla visanduku 10. Viwekee alama ya duara. "Zaidi ya 8" haichukui 8 yenyewe, hapo muwe makini, ikiandikwa "8 au zaidi" unaongeza visanduku vitano vingine na jibu linabadilika kabisa.

B sasa huwezi kuisoma kwenye jumla. Ukitafuta namba 5 ndani ya jedwali utapata jumla ya 5, ambayo haihusiani kabisa na swali. B inasomwa kwenye vichwa: safu yote iliyo chini ya kichwa 5, na mstari wote wa kichwa 5 cha pembeni. Safu ina visanduku sita, mstari sita, lakini kile cha 5 na 5 kipo kwenye vyote viwili kwa hiyo ni 11 na sio 12. Viwekee alama ya mkato.

Ukishamaliza picha inajibu yenyewe. Visanduku vyenye duara na mkato pamoja ni vitano: 5 na 4, 4 na 5, 5 na 5, 5 na 6, 6 na 5. Basi A na B ni 5/36. Vyenye alama yoyote, iwe moja au zote mbili, ni 10 + 11 − 5 = 16, kwa hiyo A au B ni 16/36 ambayo ni 4/9. Ile tano tunaitoa kwa sababu imehesabiwa mara mbili, mara moja ndani ya kumi na mara moja ndani ya kumi na moja. Ushauri wangu usirahisishe sehemu mpaka mwisho, acha kila kitu juu ya 36 ili uweze kurudi kwenye picha kuhakiki kwa kidole.

Wengi wakiona "na" wanazidisha moja kwa moja, 10/36 × 11/36, wanapata 110/1296. Linganisha na 5/36 ambayo ni 180/1296, ni mbali. Kuzidisha kunafaa pale tukio moja haligusi jingine, na hapa linagusa: ukishajua jumla imezidi 8, visanduku vimebaki 10 na vitano kati yake vina 5, yaani nusu, wakati mwanzo ilikuwa 11 kwa 36, chini ya theluthi. Kwenye rusho moja nyie hesabuni alama tu.

Kuzidisha kunakuja dadu zikirushwa tena. Ukiulizwa kupata jumla ya 7 mara zote mbili kwenye marusho mawili ni 6/36 × 6/36, sawa na 1/36, kwa sababu rusho la pili halijui la kwanza lilitoa nini. Ukiulizwa kupata 7 angalau mara moja, anza na kuikosa mara zote mbili, 30/36 × 30/36 ambayo ni 25/36, toa kwenye 1 ubaki na 11/36.