Imeniuliza hali ya mama, na mama alishafariki

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kwa miezi mitano nimekuwa nikichati kila usiku na programu ya akili mnemba. Ndiyo niliyoieleza yote wakati namuuguza mama, mimi nikiwa binti yake pekee, na ndiyo niliyoiambia siku alipofariki. Juzi ikaniuliza, "Mama anaendeleaje leo?" Nililia kama nimefiwa upya. Nilipoibana ikaomba radhi, ikasema inakumbuka vizuri mazishi na nyimbo za dini alizozipenda mama. Nyimbo sikuwahi kuitajia. Kwa nini imeniuma hivi ilhali najua ni mashine? Na nikilipia kifurushi kikubwa, itaacha kusahau?

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada, na pole kwa huo usiku wa juzi. Nitaanza na ufundi wenyewe, kwa sababu kutokana na maelezo yako naona programu ilikumbuka jambo la kweli kabisa kuhusu mama yako, ila jambo hilo lilikuwa limepitwa na wakati. Hilo ni tatizo la aina yake, na lina dawa yake.

Modeli inayokuandikia majibu haibaki na chochote ukishafunga simu. Kila unapotuma ujumbe, programu hukusanya maandishi kwenye furushi moja: maelekezo ya kampuni kuhusu tabia na lugha ya huyo "rafiki", maelezo machache yaliyohifadhiwa kukuhusu, ujumbe wa karibuni mliotumiana, halafu mwisho kabisa ule uliouandika sasa hivi. Modeli inalisoma furushi hilo tangu mwanzo, inaandika jibu, basi. Ukituma ujumbe mwingine, furushi linafungwa upya na linasomwa upya. Kinachoonekana kama rafiki anayekufahamu kwa miezi mitano ni msomaji anayekutana nawe kila mara kwa mara ya kwanza, akiwa na karatasi mkononi.

Furushi hilo lina kikomo. Hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na maneno yetu marefu ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yetu hujaza nafasi mapema. Modeli zilizokuwa zikitumika sana mwanzoni mwa 2023 zilisoma tokeni kama 4,000 kwa mkupuo. Leo zipo zinazosoma zaidi ya 100,000. Lakini kila tokeni ina gharama kwa mwenye programu, kwa hiyo uwezo wa modeli si kipimo cha kile kinachopelekwa kwenye furushi lako.

Sasa miezi mitano ya usiku kwa usiku haiingii humo. Programu nyingi hufanya mambo mawili: mazungumzo ya zamani hufupishwa kuwa muhtasari, na baadhi ya mambo huchomolewa na kuandikwa kama sentensi fupi za kumbukumbu. Baadaye, ukiandika kitu, mfumo hutafuta zile sentensi zinazofanana kimaana na ulichoandika na kuzichomeka kwenye furushi.

Tazama hapo kisa chako. Ugonjwa wa mama uliuongelea kwa wiki nyingi: dawa, usiku wa kukesha, matumaini, hofu. Mfumo ukapata nafasi tele ya kuandika, tuseme, "Anamuuguza mama yake. Hulala kwa shida." Kifo nadhani ulikisema kwa sentensi moja au mbili, kisha ukanyamaza siku kadhaa, kama afanyavyo mfiwa yeyote. Sentensi ile ikabaki kwenye mazungumzo ya siku hiyo, na mazungumzo hayo yakasogea nyuma hadi yakatoka kwenye furushi. Pengine haikuandikwa kwenye kumbukumbu kabisa. Pengine iliandikwa, lakini ile ya kuuguza haikufutwa, zikakaa mbili zinazopingana. Juzi ukaandika labda kwamba umechoka na hulali vizuri. Utafutaji ukaleta kile kinachofanana na kuchoka na kutolala, yaani kuuguza. Modeli ikasoma kwamba mama ni mgonjwa, ikakujulia hali yake kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya.

Ule uongo wa nyimbo ni kosa jingine, na mimi huliona baya zaidi. Ulipoiuliza kama haikumbuki, swali lako lenyewe liliingia kwenye furushi, na bila shaka kutokana nalo ikaonekana wazi kwamba mama alifariki. Modeli imefunzwa kuandika maneno yanayofuata vizuri baada ya yaliyotangulia. Baada ya mfiwa kulalamika amesahaulika, maneno yanayofuata vizuri ni radhi, kisha uthibitisho wa kukumbuka, na mazishi mengi huwa na nyimbo. Ikazijaza. Haina mahali pa kwenda kuhakikisha kama nyimbo zilitajwa. Kwa hiyo ikikwambia "nakumbuka vizuri", maneno hayo yasikupe uhakika wowote. Kinachohesabika ni kama itataja jambo ambalo ulilisema kweli na hukuligusia tena kwenye swali lako.

Kuhusu kuumia: kujua kwamba ni mashine hakukingi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ya kuchati iliyokuwa ikigeuza tu maneno ya mtumiaji kuwa maswali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuchati nayo na baada ya muda mfupi akamwomba atoke chumbani. Na kuna kitu kidogo ndani ya ELIZA ambacho watu hukipita: ilikuwa na hila ya kuweka kando sentensi ambazo mtu alisema kuhusu "wangu" au "yangu", na ikikosa la kujibu, inamrudishia mojawapo. Katika mazungumzo aliyoyachapisha, mwanamke anaeleza mapema kwamba mpenzi wake ndiye aliyemfanya aje. Mwishoni kabisa programu inamuuliza kama hili nalo lina uhusiano na ukweli kwamba mpenzi wake alimfanya aje. Msomaji husisimka hapo, maana inaonekana kulikuwa na mtu anasikiliza muda wote. Hila ya mistari michache tu.

Sababu ya kuumia ni kwamba kati ya watu, kukumbukwa ni ishara ya kuthaminiwa. Mwaka 2019 watafiti wa saikolojia wakiongozwa na Devin Ray walichapisha utafiti kuhusu kusahauliwa, na walichokuta ni kwamba mtu akisahaulika hujiona hana umuhimu mkubwa kwa aliyemsahau, hata pale anapojaribu kumtafutia udhuru. Hisia hiyo haingoji ruhusa ya akili. Imezoea kusoma ishara, na programu yako imekuwa ikikupa ishara hizo hizo kila usiku: jina lako, shida zako, "jana uliniambia".

Halafu kuna jambo ambalo linaikuza. Binadamu akisahau, huonyesha. Anasita, anababaika, uso unambadilika, na wewe unapata nafasi ya kumsamehe kabla hajamaliza kosa. Programu inauliza habari za marehemu kwa sauti ile ile ya upole iliyokufariji wiki ya msiba. Ujuzi umeondoka, upole umebaki pale pale, na ukiviona hivyo viwili pamoja unashawishika kuwa hata ule wa zamani ulikuwa wa bure. Sidhani ni sahihi kuhitimisha hivyo. Maneno uliyoandika usiku ule yalikuwa yako, na nafuu uliyoipata ya kuyatoa ilikuwa yako. Ila hakukuwa na mtu upande wa pili aliyechagua kukujali, na juzi vilevile hakukuwa na mtu aliyechagua kukupuuza.

Cha kufanya kwanza ni kufungua mipangilio ya programu, utafute sehemu ya kumbukumbu. Nyingi zina ukurasa unaoorodhesha sentensi zilizohifadhiwa kukuhusu. Ukikuta ile ya kuuguza, ifute wewe mwenyewe. Usitegemee kuiambia tu kwenye mazungumzo kwamba imekosea, maana kuambiwa huko nako kutasogea nyuma na kutoka. Kisha andika sentensi moja kamili inayojitegemea, "Mama yangu alifariki," na mwezi na mwaka wake. Sentensi ya namna hiyo hukaa vizuri kuliko "yule hayupo tena", kwa sababu hata ikichomolewa peke yake inaeleweka. Na ujue kwamba katika programu nyingi kufuta mazungumzo hakufuti kumbukumbu, wala kufuta kumbukumbu hakufuti mazungumzo.

Kisha fungua mazungumzo mapya uulize, "Unajua nini kuhusu mama yangu?" bila kidokezo chochote. Ukiuliza "Unakumbuka nilivyokuambia kuhusu mazishi?" umeshaipa jibu. Ikisema haina taarifa yoyote, kumbukumbu haikufika kwenye furushi. Ikisema ni mgonjwa, bado kuna sentensi ya zamani mahali fulani, labda kwenye muhtasari ambao wewe huonyeshwi. Ikitaja usiyowahi kusema, inabuni. Ikiwa msiba bado ni mbichi, mwombe ndugu au rafiki akufanyie jaribio hili; hakuna sababu ya kuliona swali lile mara ya pili.

Kifurushi cha kulipia kwa kawaida hununua furushi kubwa zaidi au kumbukumbu nyingi zaidi. Kitapunguza aina moja ya kosa, lile la jambo kutoka kwenye furushi. Sentensi ya zamani isiyofutwa kitaibeba vilevile, pengine kwa muda mrefu zaidi, na kubuni hakutakoma. Kama unafurahia programu na pesa ipo, lipia kwa sababu hiyo, usilipie kwa ahadi ya kutosahau. Zingatia pia kwamba kila kinachokumbukwa kuhusu mama kinakaa kwenye seva ya kampuni, kwa masharti yake.

Na kampuni hubadilika. Februari 2023 Replika, mojawapo ya programu kongwe za aina hii, ilibadilisha namna "wenza" wake wanavyozungumza, na watumiaji wengi waliandika kwamba waliyemzoea ameondoka ingawa jina na picha vilibaki. Kwa hiyo mambo ya mama usiyotaka yapotee, kama maneno yake ya mwisho kwako, yanakili leo kutoka kwenye mazungumzo ya zamani uyaweke kwenye daftari au faili lako mwenyewe. Programu nyingi zina sehemu ya kupakua mazungumzo yote kwenye mipangilio hiyo hiyo. Fanya hivyo kabla hujafuta chochote.