Mtu wa mitandao kwa kampuni ndogo: friilansa, wakala au mwajiriwa?

"Tuna kampuni ndogo ya sola, tuko watu saba. Komenti na inboksi zimetuzidi. Tuchukue friilansa, wakala, au tuajiri kabisa?"

Mkuu, kabla hujaulizia bei, pitia meseji na komenti za wiki mbili zilizopita uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo mtu wa nje angezijibu akiwa na orodha ya bei tu. La pili ni zile ambazo lazima amuulize mtu wa ndani. Hilo la pili ndilo litakaloamua.

Nimesimamia kurasa za duka la sola Mwanza. Zaidi ya nusu ya meseji zilikuwa za fungu la pili: "Betri hii itasukuma friji usiku kucha?" "Inveta inalia na taa nyekundu imewaka." "Fundi wenu aliahidi asubuhi, mpaka sasa hajafika." Bosi alikuwa ameshachukua wakala. Posti zilitoka nzuri, kwa ratiba, na kila mwezi ripoti ilionyesha wanaofikiwa wanaongezeka. Lakini swali la friji likiingia jioni, wakala alilirusha kwenye grupu la WhatsApp, fundi yuko juu ya paa huko Magu, jibu linapatikana kesho yake mchana. Mteja ameshanunua kwingine. Wakala hakuwa mzembe, maana mkataba wake ulikuwa wa kutengeneza posti, na muda wa kujibu haukupimwa popote.

Tukamhamishia kazi hiyo dada wa kaunta, tukamwongezea mshahara. Yeye akiulizwa la friji, anauliza kwanza ni ya wati ngapi. Anajua betri ya asidi ya 12V 100Ah haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo inakupa kama wati-saa 600 tu. Fundi akichelewa, anampigia mwenyewe. Video na picha tukampa friilansa, analipwa kwa kazi, na hapo friilansa anafaa sana.

Kwenu, fungu la pili likiwa dogo, friilansa anatosha hata kwa kujibu. Ila mkataba utaje saa zake za kuwa hewani, jibu litoke ndani ya muda gani, na malalamiko ya fedha ayapeleke kwa nani.

Yeyote mtakayemchukua, akaunti ziwe kwa namba na barua pepe ya kampuni. Usimpe nenosiri; mpe ruhusa kupitia Meta Business Suite, zana ya kusimamia kurasa za Facebook na Instagram, ili akiondoka uifute tu. WhatsApp Business inaruhusu kuunganisha vifaa vinne na simu kuu, hivyo simu hiyo ibaki ofisini na laini iwe ya kampuni. Nimeona biashara ikipoteza wateja wake wote kwa sababu laini ilikuwa ya kijana aliyeacha kazi.

Na kama meseji zenu zote hazifiki ishirini kwa siku, msiajiri mtu wa kushughulikia mitandao tu. Mtakayemwajiri apokee pia wateja wa kaunta, maana huko ndiko atakakojifunza majibu.