Kolu mmerekodi, sawa, lakini uamuzi uko wapi?

Swali: Habari. Timu yetu ni watu saba, wanne tuko Nairobi, mmoja Kisumu, wawili Kigali. Tunaongea kwa Slack, WhatsApp na Google Meet, na kolu zote tunarekodi. Shida ni kwamba mjadala uleule unarudi kila baada ya wiki kadhaa. Bosi anataka nianzishe daftari la maamuzi lenye tarehe na sababu. Mimi naona kila kitu tayari kipo, si niweke tu linki za thredi na rekodi kwenye spredishiti moja nimalize? (Dada wa Kilimani, msimamizi wa miradi)

Jibu: Dada yangu, hiyo sentensi ya "kila kitu tayari kipo" ndiyo naisikia karibu kila timu inayofanya kazi kwa mbali, na ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inaonekana ina akili kabisa. Kilichopo ni maneno yenu. Uamuzi wenyewe mara nyingi haujaandikwa popote, na hiyo spredishiti itakuwa orodha ya milango ambayo kila mtu lazima aifungue aingie atafute mwenyewe, na kila mtu atatoka na jibu lake.

Tuchukue mfano wa timu inayouza chakula mtandaoni na kulipwa kwa M-Pesa. Mteja anabonyeza kulipa, STK inaingia kwa simu yake, anaweka PIN, halafu Daraja, ule mfumo wa Safaricom unaounganisha M-Pesa na programu za biashara, inatuma jibu kwa seva yenu kusema malipo yamepita au yamekataa. Siku seva imelala hata dakika mbili, hilo jibu linapotea, mteja amekatwa pesa na oda yake bado inasoma haijalipwa. Basi thredi inafunguka. Mmoja anasema mteja atume nambari ya muamala kwa WhatsApp, mwingine anasema tulinganishe na stetimenti kila usiku, wa tatu anasema seva yetu yenyewe iulize Daraja hali ya malipo. Wanabishana, mtu anasema "hebu tuingie kolu", wanaongea nusu saa, kisha kwenye thredi inabaki meseji moja tu: "Sawa, tuendelee hivyo basi", na vidole gumba vinne chini yake.

Sasa jiweke kwa mtu anayesoma hiyo thredi miezi mitatu baadaye. Kuna mapendekezo matatu juu yake, ni lipi walikubaliana? Na hivyo vidole gumba vinne, wawili walimaanisha nimekubali, mmoja alimaanisha nimeona, na mmoja ni yule anayebonyeza kila kitu akiwa ndani ya matatu. Rekodi ya kolu ipo, ndiyo, lakini nani atakaa kusikiliza nusu saa nzima atafute sekunde ishirini ambazo jambo liliamuliwa, na mara nyingi hata hizo sekunde hazipo, watu walinyamaza tu na kunyamaza kukachukuliwa kuwa kukubali.

Hizo linki zenyewe pia zinakufa. Slack ya bure inaonyesha meseji za siku 90 tu, na zikipita mwaka mmoja zinafutwa kabisa. WhatsApp mtu akiwasha meseji za kupotea basi ni saa 24, siku 7 au siku 90. Rekodi ya Google Meet inakaa kwenye Drive ya aliyeitisha kolu, akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa bila mafaili kuhamishwa, rekodi imeenda naye. Linki weka, inasaidia, lakini andika daftari kama mtu ambaye anajua kesho hiyo linki haitafunguka.

Uamuzi wa ile thredi ukiandikwa vizuri unakaa hivi, faili moja ya maandishi, hakuna maajabu:

```
0017 Malipo ambayo jibu lake halikufika
Uamuzi: 2025-03-06   Unaanza: 2025-03-10
Hali: umekubaliwa
Mwenye uamuzi: mkuu wa malipo
Tumeamua: sekunde 60 bila jibu, seva iulize
  Daraja. Ikikosa jibu la mwisho mara 3, oda
  iende kwa mtu wa zamu.
Sababu: oda ya chakula haiwezi kungoja
  stetimenti ya usiku. Skrinshoti za M-Pesa
  zinaghushiwa.
Tulikataa: nambari kwa WhatsApp; stetimenti pekee.
Pingamizi: kuuliza mapema kunarudisha "bado
  inashughulikiwa" mteja akiwa hajaweka PIN.
  Ndiyo maana 60, si 10.
Turudie tukiona: mtu wa zamu analemewa na oda.
```

Angalia mstari wa pingamizi, huo ndio unaolipa gharama ya daftari zima. Mwezi wa sita ataingia developa mpya, mwenye bidii, aone sekunde 60 aseme hii ni polepole sana wacha niweke 10. Akiwa na thredi peke yake ataibadilisha Ijumaa jioni, halafu wikendi nzima seva inapata jibu la "bado inashughulikiwa" mara tatu za haraka haraka na kumwaga kila oda kwa mtu wa zamu. Akiwa na huo mstari anaelewa kwa nini, na kama ana njia bora anakuja na hoja mpya badala ya kuanzisha ile ya zamani tangu mwanzo. Nyinyi mjadala unawarudia kwa sababu sababu haikuandikwa, kilichobaki kichwani mwa watu ni matokeo tu, na matokeo bila sababu kila mtu anajiona ana haki ya kuyafungua upya.

Sababu yenyewe nina kipimo kimoja ninachokitumia. Soma ulichoandika kisha ujiulize ni kitu gani kikibadilika sababu hii itakuwa si kweli tena. Ukikosa jibu, hiyo haikuwa sababu. "Ni njia bora zaidi" hakuna kitu kikibadilika itakuwa si kweli, kwa hivyo haisemi chochote. "Oda haiwezi kungoja usiku" inaweza kubadilika, siku mkianza kuuza unga na mafuta ya kupelekwa kesho yake, hapo uamuzi unafunguliwa kihalali na hakuna anayegombana na mwenzake.

Nani aandike? Aliyebeba jukumu la uamuzi, siku hiyohiyo kabla hajalala, maana kesho tayari ameanza kukumbuka kolu iliyo nzuri kuliko ilivyokuwa. Halafu, na hapa ndipo timu nyingi zinaruka, anampa asome yule aliyeshindwa kwenye mjadala, anamuuliza swali moja tu: pingamizi lako nimeliandika vile ulivyolisema? Hamuulizi kama sasa anakubali. Mtu akiona hoja yake imeandikwa kwa haki hata kama ilikataliwa, hana haja ya kuirudisha kila kolu. Kisha inawekwa kwenye chaneli na muda wa mwisho ulio wazi, kwa mfano Alhamisi 17:00 EAT, asiyepinga kufikia hapo amekubali. Wale wa miradi ya programu huria ya Apache wamezoea kura kukaa wazi angalau saa 72 ili mtu aliye upande mwingine wa dunia apate nafasi, nyinyi Kigali iko saa moja tu nyuma yenu, siku moja ya kazi inatosha. Lakini saa iandike kwa tarakimu na EAT, usiandike "saa nne" kwenye daftari, mmoja ataelewa asubuhi na mwingine ataelewa 16:00. Tarehe pia ianze na mwaka, 2025-03-06, kwa sababu 06/03 mteja wa Marekani anasoma tarehe tatu mwezi wa sita.

Uamuzi ukibadilika, usiguse ule wa zamani. Unaandika mpya, tuseme 0031, na kwenye 0017 unabadilisha mstari wa hali peke yake: "umebadilishwa na 0031". Watu wa programu wamekuwa wakifanya hivi tangu Michael Nygard alipoeleza mtindo huo mwaka 2011, na unafaa vilevile kwa timu isiyoandika programu hata moja. Ukiedit ule wa zamani ili uonekane wa kisasa, umefuta ushahidi wa kile mlichokuwa mnakijua siku ile.

Wala si kila kitu kinaingia. Mimi nauliza mawili, je kukitengua kutamgharimu mtu mwingine zaidi ya siku moja ya kazi, na je kuna mtu alipinga? Moja likiwa ndiyo, andika. Yote hapana, achana nayo, daftari likijaa rangi za vitufe na saa za standap hakuna atakayelifungua.

Sasa kuna hawa jamaa wanaouza templeti. Safu ishirini, alama za hatari, rangi tatu, sahihi ya watu watano, wanakuambia timu yako itabadilika ukilipia tu. Dada, nimeona hizo templeti zikifa kila mahali kwa njia ileile: safu ya "sababu" inaandikwa "imejadiliwa kwenye kolu" na safu nyingine kumi zinabaki tupu. Pesa ya templeti wanunulie watu bando. Wengine wanakupa njia ya mkato mbaya zaidi, eti mtu mmoja akae wikendi moja ajaze maamuzi yote ya mwaka uliopita ili muanze mkiwa kamili. Usikubali kabisa. Sababu inayoandikwa miezi minane baadaye ni sababu iliyooshwa, mtu anaandika kile ambacho leo kinaonekana cha busara, na atakayekuja kusoma hana njia ya kutofautisha ya kweli na ya kubuni, kwa hivyo hata zile za kweli anaacha kuziamini.

Na mabosi wanisikie pia, maana najua wako wanaosoma hapa. Siku utakapofungua daftari kwenye kolu umuulize mtu "si wewe uliamua hii?", umeliua. Kuanzia siku hiyo mwenye uamuzi atakuwa "timu", sababu zitakuwa "baada ya majadiliano ya kina", na pingamizi hakuna atakayeandika. Nimefika kwenye ofisi zenye daftari nono, tarehe zote zipo, namba zimefuatana, na ukisoma huwezi kujua mtu yeyote alifikiria nini, kwa sababu waliandika kujikinga. Jina la mwenye uamuzi linawekwa ili ujue wa kumuuliza, na tumia cheo kuliko jina, cheo kinabaki hata mtu akiondoka.

Kwa hivyo anza na uamuzi wa kwanza wa wiki hii, uite 0001. Ya zamani yaache mpaka mjadala wake urudi wenyewe, na kwa maelezo yako utarudi tu. Siku hiyo mkiumaliza, andika kwa tarehe ya siku hiyo, na chini yake uweke wazi: "uliwahi kuamuliwa awali, sababu za wakati huo hazikuandikwa".