Wadogo zangu wa vizibo, tatu isiyozibika usiifungue kwa pupa

Kila jioni pale Majengo, Moshi, naona kitu kile kile kinajirudia mpaka nimechoka kunyamaza. Dogo anafunga tatu, yaani kete zake tatu kwenye mstari mmoja, anakula kete moja, anashangilia, halafu zamu inayofuata anaifungua haraka haraka ili afunge tena, na hapo hapo anazibiwa au analiwa yeye. Sasa naandika kwa wale ambao tayari mnajua kucheza kete 12 kila mtu, ule mchezo wa miraba mitatu ambao kule Afrika Kusini na Lesotho wanauita morabaraba. Sheria sirudii.

Ili tuelewane tupe vituo namba. Anza kona ya juu kushoto ya mraba wa nje, zunguka kwenda kulia, unapata 1 mpaka 8. Mraba wa kati anza kona ile ile, 9 mpaka 16. Wa ndani 17 mpaka 24. Uzuri wake ni kwamba ukiingia ndani hatua moja unaongeza 8, kwa hiyo 2 iko jirani na 10, na 10 iko jirani na 18. Kona nazo zina mistari kwenye ubao wetu, kwa hiyo 1, 9 na 17 pia ni tatu halali.

1. Wakati wa kupanga usitegemee mlango, yaani kituo kitupu cha jirani ambacho kete ya tatu yako itatokea. Kete unayokula inaacha kituo wazi, ila mwenzio akiwa bado na kete mkononi anakijaza tu. Tatu ya wakati huo hesabu kwamba imekula mara moja, na ukiweza kuchagua, ijenge kwenye upande wa mraba wa nje au wa ndani. Sababu iko namba mbili.

2. Jua shimo lako linapakana na nani. Hapa ndipo penye mchezo wote aisee, na ndipo wengi wenu mnaparuka. Ukiwa na tatu ya 1, 2, 3 na 10 iko wazi, ukisogeza kete ya 2 kwenda 10 unaacha shimo kwenye 2. Majirani wa 2 ni 1, 3 na 10 tu, na wote sasa ni wako. Hakuna anayeweza kuingia hapo. Lakini ukiifungua tatu hiyo hiyo kwa kusogeza 3 kwenda 4, shimo la 3 linapakana pia na 11, na adui akiwa 11 anaingia, imekwisha. Na tatu ya mraba wa kati, mfano 9, 10, 11, haina usalama huo kabisa kwa sababu kila kituo cha kati kina majirani wanne. Ukitoa 10 kwenda 2, bado 18 inachungulia shimo. Ndiyo maana nasema pande za nje na za ndani, na fungua kwa kete ya katikati.

Tatu ambayo shimo lake haliwezi kuzibwa haina haraka. Hiyo sentensi ndiyo ningependa muishike, maana ndiyo iliyomkosesha dogo mmoja wiki iliyopita mchezo aliokuwa ameushika mkononi. Kete zake zilikuwa 1, 2, 3, 8, 12 na 22. Za mwenzie zilikuwa 9, 24, 15, 13 na 5. Sita kwa tano, zamu yake, tatu imefungwa, mlango wa 10 uko wazi. Mkono ukaenda wenyewe, 2 kwenda 10. Mzee aliyekuwa anacheza naye hata hakufikiri, akasogeza 24 kwenda 16, ikawa 9, 16, 15, tatu, akala ile kete iliyokuwa imetoka kwenda 10. Dogo akabaki na 1 na 3 zinatazamana, akihamisha 1 kwenda 2 ili ya 8 ipande 1, mzee anaingia 1 kutoka 9, na kete ya karibu inayoweza kufika 2 bila 1 wala 3 kuhama ni ile ya 12, hatua tatu. Tatu ikifunguliwa, kete zake zote zinakuwa chakula, zile zile ambazo zamu moja nyuma zilikuwa haziguswi.

Na jibu lilikuwa pale pale ubaoni. Kete yake ya 8 iko jirani na 16. Anaisogeza 16 kwanza, anamkatia mzee tatu yake, na tatu yake ya juu bado imefungwa, hailiki. Najua mtauliza, si mzee ataziba mlango, 9 aende 10? Ndiyo, na aende. Akihama 9 inabaki wazi, basi wewe unafungua kwa kona, 1 kwenda 9. Shimo la 1 linapakana na 2 yako, 9 yako, na 8 ambayo haina mtu, na mzee hana kete ya kuingia 1 kwa hatua moja. Pia hana tatu ya kufunga zamu hiyo, angalia mwenyewe uone. Zamu inayofuata unarudi 1, unakula. Kwa hiyo hatua moja ya kuzuia isingemgharimu chochote, ni pupa tu.

3. Hesabu walinzi wa mlango kabla hujafungua. Hili halionekani haraka, ila likikuingia utaanza kuwafunga watu wazima. Ukifunga tena kutoka 10 kwenda 2, mlango wa 10 unabaki wazi na ni zamu ya mwenzio. Wanaoweza kuingia, hao ndio walinzi, ni walioko 9, 11 na 18. Akiwepo mmoja, unamla huyo huyo kwa tatu uliyofunga, na mlango unabaki wako. Wakiwepo wawili, unakula mmoja na wa pili anaingia. Kwa hiyo kabla ya kufungua, hesabu walinzi walioko sasa pamoja na yule anayeweza kufika kwa hatua moja, maana mwenzio anapata zamu moja katikati. Wakizidi mmoja, subiri, cheza kwingine, au kubali kwamba unakula mara moja tu kisha mlango unafungwa.

Wengi mnakula kete inayowaudhi kwa macho, ile iliyojitenga kule chini mbali. Kula mlinzi! Mwaka mzima nakaa pembeni ya kile kipande cha kadibodi nikiuma ulimi, kwa sababu nawapenda na nataka mshinde wenyewe bila kuambiwa.

4. Tatu mbili zinazopokezana, yaani kete inatoka 2 kufunga 9, 10, 11 na kurudi 2 kufunga 1, 2, 3, ni nzuri kuliko zote, ila kubalianeni kabla ya kuanza, maana wapo wanaokataza kurudi hapo hapo.

5. Mwenzio akibaki na kete nne, simama kwanza. Ukimla mmoja anabaki na kete tatu na anaanza kuruka popote, na hapo hesabu yote ya majirani niliyowaeleza inakufa, kwa sababu anatua kwenye shimo lako kutoka kona yoyote ya ubao. Tatu moja inayofunguka haitoshi tena. Kabla ya kumla huyo wa nne, tumia zamu zako kuandaa sehemu mbili tofauti za kufunga kwa mkupuo mmoja, aruke azibe moja, wewe ufunge nyingine.