Jina la katuni yako halitafutwi na mtu: yaliyonikuta na vipindi 8 vya Chapati

Swali: "Wakuu, katuni yangu ya vipindi 10 imeisha, inaitwa Kokoriko, ni hadithi za jogoo na wenzake kwa ajili ya watoto. Ijumaa hii naipandisha yote YouTube. Vichwa nimepanga KOKORIKO EP 1, EP 2, hadi 10. Naomba ushauri: saa ngapi ni nzuri, maelezo na tagi niweke nini, picha za jalada ziweje, na je, manukuu ya Kiingereza yana faida?"

Mkuu, ahirisha hiyo Ijumaa. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala, nikashuka kituo kimoja kabla ili nikae chini nikuandikie, maana hicho unachotaka kufanya nilishakifanya mimi, neno kwa neno, na kilinila miezi 14 ya kuchora.

Katuni yangu inaitwa Chapati. Ni paka wa uswahilini anayesimulia visa vya Abunuwasi, vipindi 8 vya dakika sita sita. Paka ana rangi ya chapati iliyoungua kidogo, ndipo jina lilipotoka. Nilijiona nimebuni jina la dunia. Sasa chukua simu yako, fungua YouTube, andika neno chapati uone wanaotokea. Unga, mafuta, meza, mikono ya akina dada. Wewe na paka wako mko chini huko, mnatafutana.

Kipindi changu kizuri kuliko vyote kilikuwa cha tatu, kile kisa cha Abunuwasi kuazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani akisema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Safari ya pili akaazima kubwa, akarudi mikono mitupu akisema imefariki. Mimi kwa usanii wangu kipindi hicho nikakiita hivi:

CHAPATI S01E03: RAMBIRAMBI

Kwa sababu mwishoni anampa jirani pole ya msiba wa sufuria, umeona? Nilicheka peke yangu nilipoliandika. Basi nikawa nimejipatia makundi mawili ya watu: wanaotafuta kupika chapati na wanaotafuta salamu za kumtumia mfiwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na haja ya paka.

Baada ya miezi miwili kipindi cha kwanza kilikuwa na watazamaji 212, na hapo nimehesabu mimi, mke wangu na fundi wa sauti. Ndipo nikafungua YouTube Studio, kwenye takwimu, sehemu inayoonyesha watazamaji wametokea wapi, nikabonyeza utafutaji wa YouTube. Pale unaonyeshwa maneno yenyewe ambayo watu waliandika kabla ya kukufikia. Yangu yalikuwa "chapati laini", "chapati za maji", "jinsi ya kupika chapati". Kwa miezi miwili hiyo, kile cha rambirambi kilionyeshwa kwenye matokeo ya utafutaji kama mara 1,900 na waliokibonyeza ni watu 11. Kumi na moja! Na wastani wa kutazama ulikuwa sekunde 14, yaani muda wa mtu kugundua kwamba hapa hakuna unga.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na watu hawaielewi. YouTube wenyewe wanasema utafutaji wao unaangalia kama kichwa, maelezo, tagi na yaliyomo kwenye video vinalingana na alichoandika mtu, kisha wanaangalia pia watu wanaofika kwa neno hilo wanafanya nini. Kwa hiyo jina lako likikuletea watu wasio wako, wanapita bila kubonyeza au wanabonyeza na kukimbia, na huo ndio ushahidi unaobaki juu ya video yako. Mimi nilikuwa nauza samaki kwenye foleni ya dawa halafu nalalamika watu hawali samaki.

Nani alinishauri? Mshauri mmoja wa mitandao, semina ya siku moja, shilingi 150,000, chai na kitumbua kimoja. Alituambia "jenga jina kwanza", jina la katuni likae mbele ya kila kichwa kwa herufi kubwa. Akasema mwaga vipindi vyote siku moja watu wakeshe navyo. Akasema jaza tagi zote mpaka herufi 500 ziishe, tia na majina ya wasanii wakubwa wa Bongo Fleva "ili upande nao". Hilo la mwisho ni kinyume cha kanuni za YouTube moja kwa moja, maelezo na tagi za kupotosha zinaweza kukufutia video, na mimi nilifanya kama mtoto mtiifu. Nilipomwandikia kwamba mambo hayaendi, akanijibu nifute zote nipandishe upya. Nikafuta! Kumbe kichwa na maelezo unabadilisha tu palepale, video inabaki na watazamaji wake na linki yake. Ukifuta umeua linki. Kulikuwa na mwalimu alishaituma linki ya kipindi cha kwanza kwenye kundi la wazazi, wakabonyeza wakakuta video haipo. Yule mshauri nikikutana naye nitamdai hela ya kitumbua tu, nyingine nimesamehe.

Nilipopandisha mara ya pili, kichwa cha sufuria kikawa hivi:

Abunuwasi na sufuria iliyozaa | Hadithi za Kiswahili | Chapati 3

Angalia mpangilio. Mwanzo ni maneno ambayo mtu anayekitaka kisa hiki angeandika mwenyewe kwa vidole vyake. Katikati ni aina ya kitu. Jina la katuni liko mkiani na namba yake, kwa ajili ya yule mmoja aliyeshakupenda na anataka cha nne. YouTube inakuruhusu herufi 100, lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo yale ya maana yakae kwenye herufi 50 za kwanza. Jina lako likae mkiani mpaka siku utakayoona kwenye ile orodha ya Studio watu wanaliandika wenyewe. Kama halimo, basi hakuna anayekutafuta kwa jina, usijidanganye.

Wiki mbili za kwanza hakukuwa na kitu, nikaanza kutafuta namba ya mshauri tena, mungu anisamehe. Wiki ya tatu yakaanza kuingia "hadithi za abunuwasi", "abunuwasi na sufuria", na moja iliyonifurahisha, "abunuasi katuni". Miezi mitatu baadaye kipindi kile peke yake kilikuwa kimepata watu 4,300 kutoka kwenye utafutaji. Si utajiri, bado naendesha maisha kwa kuchora mabango ya saluni, lakini ni watu waliokuja kwa ajili ya sufuria na wakakaa mpaka ikafa.

Hiyo "abunuasi" ndiyo jibu la tagi zako. YouTube wanasema tagi zina kazi ndogo sana, faida yake kubwa ni pale neno linapokosewa tahajia mara kwa mara. Nikaweka sita tu: abunuwasi, abunuasi, abunwasi, abu nuwasi, hadithi za abunuwasi, sufuria iliyozaa. Dakika moja, umemaliza. Wewe weka kokoriko, kokoliko, kokorikoo, na majina ya wanyama wa kipindi husika. Na usiyamwage hayo maneno kwenye maelezo kama orodha ya sokoni, hilo nalo limekatazwa.

Maelezo yangu ya mwanzo yalikuwa "Karibuni kwenye chaneli yetu, usisahau kusabskraibu", mara nane, yaleyale. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajafungua, mimi nikaitumia kusalimia. Sasa naandika kisa: "Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani na kuirudisha ikiwa na mtoto. Hadithi ya katuni kwa Kiswahili, inasimuliwa na paka Chapati." Kisha linki ya pleilisti. Basi.

Turudi kwako. Kokoriko ni mlio wa jogoo, kila wimbo wa watoto wenye jogoo unao. Kipindi chako cha kwanza kinahusu nini? Tuseme ni kile kisa cha kuku kupoteza wembe wa mwewe, mwewe akaapa kuchukua vifaranga. Fungua YouTube kwenye ukurasa wa siri, bila akaunti yako, maana akaunti yako inakujua na itakubembeleza. Andika "mwewe na" taratibu, usimalize, usome inachokupendekezea. Halafu "hadithi ya kuku", halafu "kwa nini mwewe". Yale yanayojitokeza ndiyo maneno ya watu. Bonyeza moja, uone juu kuna nini. Kama ni sauti tupu na picha moja isiyocheza, una nafasi. Kama juu kumejaa katuni zenye watazamaji mamilioni, chukua neno jembamba zaidi. Kichwa chako kitafika kama "Kwa nini mwewe huchukua vifaranga | Hadithi za watoto | Kokoriko 1". Fanya hivyo kwa vyote kumi kabla ya kupandisha hata kimoja. Na ukikuta kipindi ambacho huwezi kukipatia maneno yoyote ya watu, hicho kisitangulie, kitakuja nyuma.

Kuhusu kumwaga vyote siku moja: nilipomwaga nane, kosa moja likawa makosa manane kabla sijaona hata takwimu ya siku moja. Halafu chaneli moja haitumi arifa zaidi ya tatu kwa mtu mmoja ndani ya saa 24, kwa hiyo hata wale wafuasi wangu 41, nusu yao mabinamu, vipindi vitano hawakuarifiwa. Na wewe katuni yako ni ya watoto, lazima uiweke hivyo kwenye mipangilio, ambapo maoni yanazimwa na zile kadi za mwisho za kumpeleka mtu video nyingine hazipo. Kwa hiyo kinachompeleka mtoto kipindi cha pili ni pleilisti. Itengeneze kabla, iweke kama mfululizo rasmi kwenye mipangilio yake.

Siku ya kwanza toa viwili, ili anayependa cha kwanza akute kingine. Kisha kaa wiki mbili, usome ile orodha ya maneno, urekebishe vichwa vya vinavyofuata. Baada ya hapo kimoja kila Jumamosi. Ukianza mwezi Mei mwanzoni, viwili vya kwanza vitakuwa vimeshapata miguu shule zikifungwa Juni na simu za wazazi zikitekwa. Saa haina shida, anayetafuta hadithi ya mwewe hatajua uliipandisha saa 12 jioni au saa 9 usiku.

Uliuliza na mengine, naona, lakini daladala ya pili ndiyo hii imefika. Niwekee hapa visa vya vipindi vyako kumi, mstari mmoja kila kimoja, usiandike majina uliyoyabuni, andika kinachotokea. Jioni nitakupitishia vichwa.