Lengo la Mwaka Haligawanywi kwa Nne

Mpango wetu wa mwaka ulikuwa na mstari mmoja wenye uzito: kutoka wateja 120 wanaolipia intaneti ya majumbani kila mwezi hadi wateja 300 ifikapo Desemba. Tuko watu watano mjini Morogoro, na mimi, kama kiongozi wa timu, niligawanya ongezeko la wateja 180 kwa nne, nikatangaza kwamba kila robo mwaka tunatafuta 45.

Utaratibu wa malengo na matokeo muhimu, ulioanzia kwa Andy Grove pale Intel na ambao mwekezaji John Doerr aliupeleka Google mwaka 1999, haukutakiwa kutumika hivyo. Mwanzoni mwa kila robo mnajiuliza ni nini hasa kinachozuia lengo la mwaka, na kuondoa kizuizi hicho ndilo lengo la miezi mitatu. Daftari letu la malipo lilionyesha kwamba kila mwezi walijiunga wateja 20 na wakaondoka 12. Kwa mwendo huo tungefunga mwaka na wateja 216. Kwa hiyo lengo la robo ya kwanza halikuhusu mauzo kabisa, bali kuwabakiza tulionao.

Hapo nikakosea tena. Niliandika matokeo matatu ya kupimia lengo hilo: kuwapigia simu wateja wote, kumpeleka fundi mafunzoni na kununua vipuri. Kufikia katikati ya Februari yote yalikuwa na alama ya vema, na walioondoka walikuwa bado 12. Nilikuwa nimeandika kazi nikaziita matokeo. Siku hizi najiuliza: je, jambo hili linaweza kukamilika lote bila mteja kuona tofauti yoyote? Likiweza, mahali pake ni kwenye orodha ya kazi za wiki. Tukabakiza matokeo mawili: wanaoondoka wapungue kutoka 12 hadi 5 kwa mwezi, na muda wa kurekebisha hitilafu upungue kutoka siku 6 hadi 2. Kila Jumatatu tulisoma namba hizo mbili, dakika kumi na tano, basi.

Mwishoni mwa Machi walioondoka walikuwa 7, yaani tumepunguza 5 kati ya 7 tulizokusudia, alama 0.7 kati ya 1, ambayo kwa lengo gumu ni nzuri. Waliopungua ni wale waliokuwa wakisahau kulipia, baada ya kuanza kuwatumia ujumbe siku 3 kabla. Matengenezo yalibaki siku 5, alama 0.25, na alama hiyo mbovu ndiyo iliyotufaa zaidi, kwa sababu ilionyesha kwamba mafunzo hayakuwa dawa: fundi ni mmoja, na akiwa juu ya paa Kihonda hawezi kuwa Kilakala. Mwenzetu mmoja alipendekeza bonasi ifuate alama. Nilikataa, kwani robo inayofuata kila mtu angejiandikia lengo jepesi. Lengo la kurekebisha hitilafu ndani ya siku 2 tukalihamishia robo ya pili, na muuzaji wetu akaanza kujifunza kupanda ngazi.